Kila Nati na Jina Lake

Kitabu chenyewe si kinene. Ni mwongozo wa injini ya dizeli ya silinda moja, aina ya S195, ile inayofungwa kwenye pawatila, kwenye mashine za kusaga na kwenye pampu za maji. Jalada limeshaloa oili na kurasa za katikati zimeshikana. Mfasiri ninayemtazama, katika chumba kilicho juu ya duka la vipuri hapa Daraja Mbili, Arusha, hajaanza kutafsiri hata sentensi moja. Anasoma tu, tangu mwanzo hadi mwisho, kompyuta ikiwa imefungwa. Nyuma ya kitabu hiki vimepangana vingine: mwongozo wa pawatila, wa mashine ya kusaga, wa mashine ya kupukuchua mahindi, wa mtambo wa kusafirisha nafaka kutoka mashine moja hadi nyingine. Mteja anataka vyote vitoke kwa Kiswahili kana kwamba vimeandikwa na mkono mmoja.

Anayeona kazi hii kwa mbali hudhani ugumu uko kwenye Kichina. Yeye Kichina amekisomea na anakisoma bila kusitasita. Kinachomla muda ni kitu kingine: nati iliyoitwa nati ukurasa wa nne isije ikaitwa skrubu ukurasa wa mia mbili. Ili hilo lisitokee, kabla ya kutafsiri anatengeneza orodha ya istilahi.

Anaanza na jina la injini, maana hata jina lina habari ndani yake. Katika S195, herufi S inaeleza kwamba injini ina shafti mbili za kusawazisha mtikisiko, 1 ni idadi ya silinda, na 95 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Kaka yake mkubwa, ZS1115, ana Z mbele kwa sababu dizeli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kisha 1, kisha milimita 115. Majina haya hayatafsiriwi, yanabaki kama yalivyopigwa kwenye kibati cha injini. Lakini ameyaandika kwenye orodha pamoja na maelezo yake, kwa sababu mwongozo mmoja unazungumzia aina kadhaa za injini, na asiyejua maana ya tarakimu anaweza kumpa mkulima kipimo cha injini ya jirani.

Baada ya hapo anafungua kitabu cha vipuri, si kitabu cha matumizi. Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Kitabu cha vipuri kina michoro ya injini iliyochambuliwa kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa kimetenganishwa na jirani yake na kupewa namba. Namba hiyo haibadiliki. Jina la Kichina linaweza kubadilika, na kweli linabadilika: beliti inayozungusha mashine ya kusaga imeandikwa 三角皮带 kwenye sura moja, na V带 kwenye sura nyingine. Jina la kwanza ndilo la zamani, la mafundi; la pili ndilo linalopendelewa na viwango vya sasa. Kiwanda nacho kimeandikiwa vitabu na watu tofauti miaka tofauti. Angefuata majina, angekuwa na majina mawili ya Kiswahili kwa kitu kimoja cha chuma na mpira. Kwa kuwa anafuata namba, anajua ni kipande kilekile, na mstari wake kwenye orodha ni mmoja: kitu kimoja, jina moja la Kiswahili, na majina yote ya Kichina yanayokielekea yameandikwa pembeni.

Orodha inapoanza kujaa, kunajitokeza herufi moja inayomsimamisha kuliko zote. Ni 油, inayotamkwa yóu. Kwa ujumla ni mafuta, lakini kwenye injini imo kila mahali. 柴油 ni dizeli. 机油 ni oili ya injini. 齿轮油 ni oili ya gia. 黄油, ambayo ukiichukua neno kwa neno ni mafuta ya njano, na mezani ni siagi, kwenye gereji ni grisi. 油门 ni akseleta, na 油封 ni oili sili. Zote hizi hazina tabu, kwa sababu herufi zinazoandamana nayo zinasaidia. Tabu inakuja mwandishi wa Kichina anapochoka na kuandika 油 peke yake.

Sentensi iliyomkalisha ni fupi: 启动前检查油面,不足时加油。 Kwa maneno mepesi inasema: kabla ya kuwasha, kagua usawa wa mafuta, na kama hayatoshi, ongeza. Mafuta yapi? Mchina anayejua injini hana shaka, na Mswahili anayejua injini huenda naye asiwe nayo, kwa kuwa hata sisi tunasema mafuta kwa dizeli, petroli, oili na ya kupikia. Mfasiri mvivu angeandika mafuta na kuendelea, na hakuna mtu angemlaumu. Yeye hakuendelea. Alirudi sentensi mbili nyuma akakuta 油尺, kijiti cha kupimia. Alifungua kitabu cha vipuri akatafuta kijiti hicho kwenye mchoro, akakiona kinaingia kwenye sehemu ya chini ya bloku, panapokaa oili, wala si kwenye tangi la dizeli lililo juu. Basi ni oili ya injini. Sentensi yake ikawa: "Kabla ya kuwasha injini, kagua usawa wa oili ya injini kwa kijiti cha kupimia. Ikiwa haitoshi, ongeza oili ya injini." Ni ndefu kuliko ya Kichina, na ina jina la kitu mara mbili. Lakini kijana aliyeanza kazi juzi hawezi kumimina dizeli mahali pa oili. Dizeli ikichanganyika na oili, oili huwa nyepesi kama maji, beringi za krenkshafti hukosa utando wa kuzilinda, na injini hunoki.

Kutokana na sentensi hiyo aliweka sheria mbili. Ya kwanza, 油 peke yake haiingii kwenye orodha, kwa kuwa programu ingeiona ndani ya kila neno na kumpa jibu ambalo si jibu; kila inapotokea peke yake lazima mchoro uangaliwe. Ya pili, neno mafuta halitumiki popote katika vitabu hivi vyote. Kuna dizeli, kuna oili ya injini, kuna oili ya gia, kuna grisi. Nimewasikia wapenda lugha wakilalamika kwamba maneno haya ni ya kukopa. Ni kweli ni ya kukopa, na yanaokoa injini.

Orodha yenyewe ni faili la maandishi tu. Anatumia OmegaT, programu ya bure ya wafasiri, ambayo ndani ya kila mradi ina folda iitwayo `glossary`. Faili linalowekwa humo lina safu tatu zilizotenganishwa kwa kibonye cha Tab: Kichina, Kiswahili, na maelezo. Kila anapofika kwenye sentensi yenye neno lililomo, programu inamwonyesha pembeni alichokwisha kuamua. Haya ni machache kati ya hayo:

```
机油	oili ya injini	I-/ZI-; usitumie "mafuta"
柴油	dizeli	I-/ZI-; usitumie "mafuta"
三角皮带	beliti	I-/ZI-; pia V带
摇把	hendeli ya kuwashia	I-/ZI-; usitumie "krenki"
```

Safu ya tatu ndiyo ya kutazama. Humo anaandika ngeli, na anaandika jina lililokataliwa. Jina lililokataliwa ni muhimu kama lililokubaliwa, kwa sababu baada ya miezi akili husahau sababu na mkono hurudia neno ulilolizoea.

Mstari wa mwisho una kisa chake. Mashaka yakimzidi, hashiki kamusi kwanza, ingawa anazo. Kwenye rafu yake kuna kamusi ya kiufundi ya Kiingereza na Kiswahili iliyoandaliwa na Rajmund Ohly na kutolewa Dar es Salaam mwaka 1987, na anaifungua kwa adabu. Lakini kamusi ile inaingilia mlango wa Kiingereza, naye anaingilia mlango wa Kichina. Kwa hiyo anashuka ngazi na kwenda gereji akiwa na kipande chenyewe mkononi, au picha yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeleta nini?"

Haulizi neno la Kichina linasemwaje. Anaweka chuma juu ya meza na kuuliza, "Hiki mnakiitaje?"

"Krenki hiyo. Ya kuwashia."

Anaonyesha mchoro wa shafti inayozungushwa na pistoni. "Na hii?"

"Krenki."

"Zote mbili?"

Mzee anacheka. "Ile ya nje, hii ya ndani. Anayeijua kazi hachanganyi."

Anamshukuru, anaandika majibu yote mawili kama yalivyo, na anakwenda gereji ya pili kuuliza tena. Huko kijana mmoja anaiita ile ya nje hendeli, bila kusita. Ndivyo uamuzi ulivyopatikana. Gerejini, macho yanatenganisha krenki mbili. Kitabuni hakuna macho. Sentensi inayosema "chomoa krenki mara injini inapowaka" inamhusu mtu aliyeinama mbele ya injini ya S195, mkono mmoja ukiwa kwenye kipunguza mgandamizo na mwingine ukizungusha. Anatakiwa aelewe mara moja ni chuma gani anachokichomoa. Basi ile ya nje ni hendeli ya kuwashia, ya ndani ni krenkshafti, na krenki peke yake limeingia kwenye safu ya yaliyokataliwa. Hakubuni neno hata moja. Alichagua kati ya yale aliyopewa, na hiyo naiona ni nidhamu ngumu kuliko kubuni.

Vipimo navyo vina mistari yao. Kitabu kinaeleza kwamba nafasi ya valvu injini ikiwa ya baridi ni milimita 0.35 kwa valvu ya kuingiza hewa na 0.45 kwa ya kutoa moshi. Hiyo ni rahisi. Lakini mafundi wa Kichina huwa na kipimo chao cha mdomoni, 丝, ambacho ni sehemu moja ya mia ya milimita, na kinaweza kujitokeza kwenye karatasi za mafundi zinazoambatana na mashine. Hapo 0.35 inakuwa 35. Fundi aliyefundishwa kwa inchi, aliyezoea kuhesabu sehemu za elfu za inchi, akisoma 35 bila kipimo ataweka nafasi ya karibu milimita 0.9, na valvu zitagonga na injini itakosa nguvu. Kwenye orodha mstari wa 丝 hauna jina la Kiswahili kabisa. Una maagizo tu: gawa kwa mia, andika milimita.

Kichina pia hakina umoja na wingi katika nomino. Kinasema kagua valvu, na Kiswahili kinamlazimisha mfasiri ajue ni ngapi, kwa kuwa lazima aandike "kama imeungua" au "kama zimeungua". Hapo tena anarudi kwenye mchoro na kuhesabu.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya nitake kuandika makala haya. Mwongozo wa injini ulikuwa umekwisha, wa pawatila umekwisha, wa mashine ya kusaga uko katikati. Katika vyote alikuwa ameandika mkanda kwa kile kinachozungusha puli. Kisha akafungua mwongozo wa ule mtambo wa kusafirisha nafaka na kukuta 输送带, utepe mpana unaobeba mahindi. Huo kila mtu Arusha angeuita mkanda. Na mtambo uleule una puli na beliti zake za kuuzungusha. Majina mawili kwenye ukurasa mmoja, na moja lilikuwa limeshachukuliwa.

Alikaa nalo siku hiyo yote bila kuandika kitu. Jioni aliamua: kinachozungusha puli kitakuwa beliti, kama wanavyosema mafundi, na mkanda utakuwa ule unaobeba mzigo. Uamuzi ni sahihi. Ila maana yake ni kurudi nyuma kwenye vitabu viwili na nusu vilivyokwisha.

Mtu wa lugha nyingine angebonyeza kibonye kimoja, badilisha mkanda kuwa beliti, na kwenda kulala. Kiswahili hakikubali. Mfano ni sentensi hii aliyokuwa ameiandika vizuri kabisa: "Mkanda ukilegea, ukaze; ukichanika, uuondoe na uweke mwingine." Badilisha jina peke yake, upate: "Beliti ukilegea, ukaze; ukichanika, uuondoe na uweke mwingine." Ile u- iliyokuwa ya mkanda sasa imekuwa yatima, na msomaji anaipa mzazi aliye karibu, yaani yeye mwenyewe. Anaonywa asilegee na asichanike. Nilicheka; mfasiri hakucheka, alikuwa ameshashika kalamu. "Beliti ikilegea, ikaze; ikichanika, iondoe na uweke nyingine." Viambishi vitano vilibadilika, na kiambishi kimoja kiliondoka. Hiyo ndiyo sababu ngeli imeandikwa kwenye safu ya tatu, na ndiyo maana mabadiliko ya aina hii hayafanywi na kompyuta. Kompyuta inamtafutia sentensi. Yeye anazisoma moja baada ya moja.

Hata kutafuta kuna ujuzi wake. Nomino za Kiswahili zikiingia wingi hubadilika mbele, si nyuma. Anayetafuta kichujio hataviona vichujio, na ataamini kazi imekwisha. Kwa hiyo anatafuta kwa namna inayokubali vichwa vyote viwili:

```
grep -n -i -E "(ki|vi)chujio" sura-*.txt
```

Amri hiyo inapita kwenye mafaili ya sura zote na kutoa kila mstari wenye neno hilo, umoja au wingi, pamoja na namba ya mstari. Halafu analinganisha. Upande mmoja ana orodha ya sentensi zote ambazo Kichina kinataja kichujio, upande wa pili zile ambazo Kiswahili kinakitaja. Palipo na moja bila ya pili, anapaendea. Mara nyingine si kosa: Kichina kinarudia jina, Kiswahili kinatosheka na kiambishi. Hilo analiruhusu kwenye maelezo. Kwenye hatua za kazi halikubali, kwa sababu fundi husoma hatua moja, anaweka kitabu chini, anafanya, kisha anarudi na mikono yenye grisi kusoma ya pili. Kila hatua lazima itaje kitu chake. Nilidhani ni ukali usio na sababu mpaka nilipomtazama fundi akisoma hivyo hivyo.

Orodha haina majina ya vyuma tu. Ina pia maneno ya amri, na hapa hana masihara. Vibandiko vya usalama kwenye mashine za kilimo vina ngazi tatu: 危险, 警告 na 注意. Ya kwanza ni pale ambapo kutofuata kutaua au kujeruhi vibaya, ya pili pale kunapoweza kufanya hivyo, ya tatu pale jeraha linapoweza kuwa dogo. Ameziwekea HATARI, ONYO na TAHADHARI kwa herufi kubwa, na maneno hayo kwa herufi kubwa hayatumiki kwa jambo lingine lolote. Mtego uko kwenye 注意, kwa kuwa katikati ya sentensi ya kawaida maana yake ni angalia tu. Ikigeuzwa TAHADHARI kila mahali, kitabu kinajaa tahadhari, na msomaji anazoea kuziruka. Siku atakayoruka ile ya mdomo wa mashine ya kupukuchua ndiyo siku ya kupoteza vidole. Hivyo neno hilo lina mistari miwili, mmoja wa kibandiko na mmoja wa sentensi, na kila mmoja una mfano wake. 必须 ni lazima. 严禁 ni marufuku. 应 ni inapaswa. Hapandishi wala hashushi ngazi hata pale sentensi ingesikika vizuri zaidi.

Kila mabadiliko kwenye orodha yana tarehe, jina alilolitoa, na sababu kwa maneno machache: "mkanda → beliti, kwa ajili ya mtambo wa nafaka." Mwenzake anayemsaidia mwongozo wa pawatila hupewa faili jipya kila asubuhi, na akitaka neno libadilike hulileta mezani, halibadilishi mwenyewe. Wamewahi kubishana juu ya bushi na beringi hadi chai ikapoa. Kichina kina majina matatu hapo: 轴承, 轴瓦 na 衬套, na gereji nyingi zina mawili. Walikubaliana beringi, beringi ya krenkshafti na bushi, na mabishano yote yamo kwenye safu ya tatu, ili atakayekuja asiyaanze upya.

Orodha hii inachapwa mwishoni mwa kila mwongozo, kurasa chache, kwa mpangilio wa namba za michoro. Kuna safu moja iliyoachwa tupu makusudi. Wewe fundi ambaye kitabu hicho kitakufikia, na ukaona kipande kimeitwa jina ambalo wewe na wenzako hamlitumii, usikiseme kitabu pembeni. Chukua kalamu, andika jina lenu kwenye safu hiyo, na ulipeleke ulikonunua mashine. Toleo linalofuata linaanzia hapo.